Barua ya Kiingereza ya Kuombea Kazi ya Kwanza

Barua ya maombi ya kazi ni ukurasa mmoja unaotangulia wasifu wa mwombaji, yaani CV. CV huorodhesha shule, vyeti na tarehe. Barua huchukua mambo mawili matatu kutoka kwenye orodha hiyo na kuyaweka mbele ya tangazo la kazi, ili msomaji aone kwamba anachokitafuta kipo. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi anaweza kuandika mistari sita na bado akaitwa kwenye usaili, kwa sababu vyeo alivyoshika vinamsemea. Mhitimu aliyetoka chuoni mwaka huu hana cheo cha kumsemea. CV yake inafanana na za wenzake waliokaa naye darasa moja: shahada ile ile, masomo yale yale, wiki kadhaa za fildi. Mahali anapoweza kuachana nao ni kwenye barua.

Nchini Tanzania si kila ofisi inayodai barua ya Kiingereza. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza, mradi iwe imesainiwa na kuelekezwa kwa Katibu wa Sekretarieti. Kiingereza hutawala kwingine: kwenye benki, kampuni za simu, kampuni za ukaguzi wa hesabu, mashirika ya kimataifa na kampuni nyingi binafsi ambazo hata tangazo lao limetoka kwa Kiingereza. Huko lugha ya tangazo ndiyo lugha ya barua, labda tangazo lenyewe liseme vinginevyo. Mwombaji aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuanzia kidato cha kwanza kwa Kiingereza amekuwa akiandika Kiingereza cha mitihani kwa miaka mingi, lakini Kiingereza cha kujieleza kwa mtu asiyemjua hajapata nafasi kubwa ya kukifanyia mazoezi.

Ndiyo maana wengi hurudi kwenye barua waliyofundishwa sekondari. Barua ile ilijengwa kwa ajili ya mtahini: anwani ya mwandishi juu kulia, anwani ya mwandikiwa kushoto, kichwa cha habari kwa herufi kubwa kilichopigiwa mstari, aya chache, saini. Mtahini alitoa alama kwa umbo. Mwajiri hatoi alama hizo. Umbo likivurugika litamkera, likiwa sawa halioni kabisa, anapita moja kwa moja kwenye maneno. Na maneno ya barua ile ya shule mara nyingi ni taratibu za Kiswahili cha ofisini zilizovishwa Kiingereza. Barua ya kiofisi ya Kiswahili huanza vizuri tu kwa «Husika na kichwa cha habari hapo juu». Ikihamishwa neno kwa neno huwa «Refer to the heading above», na kwa Kiingereza hiyo ni amri: mwajiri anaagizwa akatazame kitu ambacho amekisoma sekunde moja iliyopita. Vivyo hivyo na «Yours in nation building» mwishoni. Msomaji wa Dodoma ataelewa inakotoka. Meneja aliyehamia kutoka Johannesburg au Mumbai atabaki akijiuliza.

Umbo lenyewe halihitaji maelezo marefu. Juu panakuwa na jina la mwombaji, mji anaoishi, namba ya simu inayopatikana na barua pepe. Kisha tarehe, cheo na anwani ya mwandikiwa, salamu, na mstari wa kichwa unaotaja nafasi inayoombwa pamoja na namba ya kumbukumbu ya tangazo, kama ipo. Salamu na hitimisho huenda kwa jozi. Barua iliyoanza na «Dear Sir/Madam» humalizika kwa «Yours faithfully», na iliyoanza kwa jina la mtu humalizika kwa «Yours sincerely». Huo ndio utaratibu wa Uingereza, na ofisi za Afrika Mashariki zinaufuata. Wamarekani hutumia «Sincerely» kwa zote mbili. Tangazo likitaja jina la mwandikiwa, «Mr» au «Ms» hufuatwa na jina la mwisho, si la kwanza. Mazoea ya kumwita bosi kwa jina lake la kwanza huku akitanguliziwa «Mr» yamezagaa maofisini, lakini kwenye barua yanamwonyesha mwandishi kuwa hajui jina la ukoo ni lipi. Kwa mwanamke ni salama kuandika «Ms», kwani haiulizi kama ameolewa.

Sentensi ya kwanza inataja mambo matatu: nafasi inayoombwa, mahali tangazo lilipoonekana, na mwombaji ni nani kwa upande wa elimu. «I am writing to apply for the post of Accounts Assistant» ni mwanzo wa kawaida mno, na ukawaida wake ni faida. Ofisa rasilimali watu mwenye nafasi nne zilizotangazwa kwa pamoja anataka kujua barua hii aiweke kwenye fungu lipi. Mwanzo wa mbwembwe, wenye ndoto za utotoni au msemo wa mtu mashuhuri, unamchelewesha.

Kiini cha barua ni aya ya pili, na hapo ndipo wahitimu wengi wanapokwama. Tuseme kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi mjini Mwanza inatafuta mhasibu msaidizi. Tangazo linataka shahada ya uhasibu au fedha, ujuzi wa Excel, uwezo wa kufanya usuluhishi wa hesabu za benki, uaminifu, na uwezo wa kufanya kazi kwa haraka bila kuvuruga. Mwombaji amemaliza shahada ya uhasibu kwa GPA ya 3.6. Hajawahi kuajiriwa. Alifanya fildi wiki nane katika idara ya fedha ya halmashauri moja ya wilaya. Rasimu yake ya kwanza inasema: «I am a hardworking, honest and self-motivated person who can work under pressure with minimum supervision».

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na huenda kila neno ndani yake ni la kweli. Shida yake hujitokeza inapochukuliwa na kupachikwa kwenye barua ya mwombaji mwingine: inakaa bila kubadilishwa herufi. Inamfaa mwombaji wa udereva, wa unesi na wa ukatibu muhtasi. Kwa hiyo msomaji hapati chochote kutoka kwayo, hata kama hana sababu ya kuitilia shaka. Mwajiri aliyeandika kwenye tangazo kwamba anataka mtu mwaminifu hakutegemea waombaji wamjibu «mimi ni mwaminifu». Hata mwizi angejibu hivyo.

Dawa iko kwenye kitabu ambacho mwanafunzi wa fildi hukijaza kila siku na msimamizi hukisaini, kisha husahaulika kabatini baada ya alama kutolewa. Katika kitabu cha mwombaji huyu, wiki ya tatu inaonyesha alipanga hati za malipo kwa namba na kuangalia kama kila moja ina viambatisho vyake: ankara, hati ya kupokelea mali, saini ya aliyeidhinisha. Wiki ya tano na ya sita alikabidhiwa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la fedha la mwezi huo huo. Akaambiwa aweke alama kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili, na ule unaoonekana upande mmoja tu auandike pembeni. Orodha ya isiyolingana ikafika miamala 14. Mingi ilikuwa hundi zilizotolewa ambazo wenyewe walikuwa bado hawajazipeleka benki, na makato ya benki ambayo hayakuwa yameingizwa kwenye daftari. Msimamizi aliipitia orodha, akarekebisha mawili matatu, akaitumia.

Huo ndio usuluhishi wa hesabu za benki, neno kwa neno kama tangazo lilivyotaka. Mwombaji hakuiona kama kazi kwa sababu alipokuwa akiifanya alijiona anasaidia tu. Aya yake ya pili, baada ya kufungua kile kitabu, inaweza kusomeka hivi:

```
During eight weeks of practical training in the finance
department of a district council, I compared one month's
bank statement with the cash book and listed 14 items that
did not match. I traced 11 of them to bank charges or to
cheques not yet presented. I kept the list in Excel, and
my supervisor checked it before it was used.
```

Kwenye barua halisi jina la halmashauri huandikwa, maana mwajiri anaweza kupiga simu. Aya haina hata neno moja la kujisifu, lakini imejibu masharti mawili ya tangazo, la usuluhishi na la Excel, na imegusa la tatu bila kulitaja. Mtu anayekubali kwamba miamala mitatu haikupata maelezo, na kwamba msimamizi aliipitia kazi yake, anaaminika zaidi kuliko anayedai kwamba alimaliza kila kitu peke yake. Namba zenyewe si kubwa, na hazihitaji kuwa kubwa. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mwandishi alikuwepo kazi ilipofanyika na anakumbuka ilivyokwenda.

Kitenzi nacho kina mipaka. Mwanafunzi wa fildi haidhinishi malipo wala hasaini hundi, na mhasibu yeyote anayesoma barua analijua hilo. Akikutana na «I managed the accounts of the council» ataacha kuamini hata yale ya kweli yanayofuata. Upande wa pili, «I assisted the accountants in various duties» inaficha kazi iliyofanyika, kwa kuwa kusaidia kunaweza kuwa kupeleka mafaili ghorofa ya pili. Kitenzi kinachofaa ni kile kinachotaja tendo lenyewe: kulinganisha, kupanga, kuingiza takwimu, kupiga simu, kuandika muhtasari wa kikao. Na neno «fildi», ambalo kila Mtanzania aliyesoma chuo analielewa, haliingii kwenye barua ya Kiingereza kama lilivyo. «I did my field» kwa msomaji wa nje ni sentensi kuhusu shamba. «Practical training» inaeleweka kote.

Jambo jingine dogo linaloweza kumponza mwombaji ni GPA. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia kipimo cha hadi 5.0, ambapo 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, na 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Marekani na kwingineko kipimo huishia 4.0. Meneja aliyezoea kipimo hicho akiona 3.6 peke yake atadhani mwombaji alikuwa karibu na kileleni, kisha akifungua cheti na kukuta daraja la pili atahisi amedanganywa, ingawa hakuna aliyemdanganya. Anayeandika «3.6 out of 5.0» ameondoa utata huo kwa maneno matatu. Mwenye GPA ya chini hana wajibu wa kuitaja kwenye barua, kwa kuwa cheti kitaisema.

Aya ya tatu inaeleza kwa nini mwombaji anaitaka kazi hii na kampuni hii. Hapa huingia «your reputable organization», maneno ambayo huwa yanabaki yale yale anapoandikiwa mwenye kiwanda na anapoandikiwa mwenye hoteli. Kwa kampuni ya Mwanza, mwombaji anayefikiri kidogo atajua kwamba msambazaji wa saruji na mabati huwakopesha wenye maduka ya rejareja, na kwamba kufuatilia madeni hayo ni sehemu kubwa ya kazi ya mhasibu wake. Kama utafiti wake wa mwaka wa mwisho ulihusu mikopo ya wafanyabiashara wadogo, sentensi mbili zinatosha kuunganisha mambo hayo. Kama haukuhusu, ni heri aya hii iwe sentensi moja ya kweli kuliko tano za sifa.

Kuomba radhi kwa kukosa uzoefu ni kosa jingine. «Although I do not have any experience» ni taarifa ambayo msomaji ameshaipata kwenye CV. Kuirudia kunaifanya iwe jambo kuu la barua. Hata hivyo kuna tangazo ambalo barua haiwezi kulishinda. Likisema kwamba uzoefu wa miaka mitatu ni sharti la lazima, au kwamba mwombaji awe na usajili wa bodi ya taaluma, mhitimu asiye navyo atachujwa kabla aya ya pili haijasomwa. Likisema uzoefu ni sifa ya ziada, mlango uko wazi.

Kuhusu lugha, makosa yanayojirudia kwa waandishi waliokulia kwenye Kiswahili yana sababu, na yakijulikana yanasakika kwa urahisi. Kiswahili hakina vijineno kama «a» na «the», kwa hiyo hudondoka: «I am graduate of accounting» badala ya «I am a graduate». Njia ya kuyakamata ni kupitia barua mara moja kwa kazi hiyo tu, nomino moja baada ya nyingine, na kuuliza kila nomino ya umoja inayohesabika kama ina kijineno mbele yake. Halafu kuna nomino ambazo Kiswahili hukubali wingi wake na Kiingereza hakikubali: vifaa, taarifa na ushauri huzaa «equipments», «informations» na «advices», na zote tatu ni makosa. Wafanyakazi huzaa «staffs», ambalo nalo halifai anapozungumziwa mfanyakazi mmoja mmoja. La tatu ni wakati. Tendo lililokwisha na lenye tarehe huchukua wakati uliopita wa kawaida, «I completed my degree in 2024». «I have completed my degree in 2024» inachanganya nyakati mbili. Programu ya kusahihisha tahajia haikamati yote haya, hasa pale neno lisilofaa linapokuwa limeandikwa sawasawa.

Maneno makubwa huleta hasara ya aina nyingine. Mwombaji anayeandika «I hereby wish to humbly express my profound interest» anaiga adabu ya Kiingereza cha maofisi ya kikoloni, ambako barua iliweza kumalizika kwa mwandishi kujiita mtumishi mtiifu wa mwandikiwa. Kiingereza cha ofisi kimeachana na mtindo huo. Adabu sasa imo katika kutompotezea mtu muda, na kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye kwake kuomba bila kunyenyekea kunaweza kusikika kama ufedhuli, hili linahitaji kuzoewa. Hitimisho la heshima linaweza kuwa fupi: mwombaji yuko tayari kuanza tarehe fulani, anapatikana kwa simu fulani, anashukuru. Barua nzima hukaa kwenye maneno 250 hadi 350, na haivuki ukurasa.

Siku hizi barua husafiri kwa barua pepe au kupitia mfumo wa maombi wa mwajiri, na upotevu mwingi hutokea hapo. Barua huhifadhiwa kama PDF ili mpangilio usivurugike kwenye kompyuta ya mwingine. Faili lililoitwa `letter final new 2.pdf` likishapakuliwa haliwezi kutambulika kati ya mengine themanini. Lenye jina la mwombaji na la nafasi linajitambulisha lenyewe. Mstari wa mada ya barua pepe nao utaje nafasi na jina, wala usiachwe wazi. Majina kwenye barua, CV na vyeti yawe yale yale na kwa mpangilio ule ule. Aliyesoma kwa jina moja na kujiandikisha kitambulisho cha taifa kwa jingine atahitaji hati ya kiapo ya kurekebisha majina, na ni afadhali ashughulikie hilo kabla ya kuitwa.

Kosa linaloua barua nzuri kuliko yote ni jina la kampuni nyingine. Mwombaji anatuma maombi kumi kwa wiki, anabadilisha anwani ya juu, anasahau kwamba aya ya tatu bado inaisifu benki aliyoiandikia juzi. Kusoma barua kwa sauti, kuanzia aya ya mwisho kwenda ya kwanza, hulikamata, kwa sababu jicho lililoizoea barua huruka linaposoma kwa mpangilio wa kawaida. Msomaji wa pili ni bora zaidi, hata asiyejua uhasibu. Akiulizwa baada ya dakika moja mwombaji huyu alifanya nini kwenye fildi na akashindwa kujibu, aya ya pili inarudi kuandikwa.

Nakala ya barua iliyotumwa huhifadhiwa pamoja na tangazo lenyewe, kwa kuwa matangazo mengi huondolewa mtandaoni tarehe ya mwisho ikipita, na wito wa usaili unaweza kuja miezi miwili baadaye. Wasaili huwa na barua mkononi na huuliza kutoka humo. Aliyeandika kwamba alikuta miamala 14 isiyolingana ataulizwa ile mitatu iliyobaki iliishaje, na jibu la «iliachwa kwa mhasibu, fildi ikawa imekwisha» linakubalika kabisa, mradi ndivyo ilivyokuwa.